Usianze na deni dogo

Semina za fedha binafsi zimekuwa nyingi, za kanisani, za kazini, za redioni, na karibu zote zinapofika kwenye madeni hutoa ushauri mmoja. Andika madeni yako yote kwenye karatasi, yapange kuanzia dogo hadi kubwa, riba usiiangalie. Yote uyalipe rejesho la chini linalotakiwa, kisha kila shilingi ya ziada uielekeze kwenye deni dogo kuliko yote mpaka liishe. Likiisha, fedha uliyokuwa ukililipia iongeze kwenye linalofuata, na hivyo hivyo hadi mwisho. Njia hii huitwa mpira wa theluji, kwa sababu malipo yanakua kadiri yanavyosonga. Aliyeieneza kuliko wengine ni mtangazaji wa redio wa Marekani, Dave Ramsey, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 2003, na kutoka huko imefika kwetu ikiwa nzima, bila kuguswa.

Ipo njia ya pili, ambayo wengi huitaja kwa sentensi moja na kuiacha. Nayo huitwa maporomoko. Hapa madeni yanapangwa kwa riba, kuanzia yenye riba kubwa, na ziada yote inakwenda huko hata kama deni lenyewe ni kubwa. Mambo mengine yote ni yale yale: rejesho la chini kwa kila mdai, na fedha iliyoachiwa na deni lililoisha kuhamia kwenye linalofuata.

Wanaotetea deni dogo kwanza hawakatai kwamba njia ya pili ina hesabu bora, na ni haki kulisema hilo. Hoja yao ni kwamba madeni hayamalizwi na hesabu, yanamalizwa na mtu, na mtu huhitaji ushindi wa mapema ili asikate tamaa. Wanaongeza kwamba tofauti ya riba kati ya njia hizi mbili si kubwa kiasi cha kuumiza, na kwamba kupunguza idadi ya wadai ni nafuu yenyewe. Hoja hizo tatu zina uzito mahali zilikotoka. Kwa mtumishi wa Tanzania mwenye mkopo wa SACCOS, mkopo wa taasisi ndogo ya fedha na mkopo wa kausha damu kwa pamoja, zinamgharimu fedha nyingi, na nitaonyesha ni kiasi gani.

Kwanza: kwamba tofauti ni ndogo

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeweza kutenga shilingi 300,000 kila mwezi kwa ajili ya madeni. Ana madeni matatu, yote yakitozwa riba juu ya salio lililobaki:

- SACCOS: 400,000, riba asilimia 1 kwa mwezi, rejesho la chini 30,000.
- Taasisi ndogo ya fedha: 700,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, rejesho la chini 50,000.
- Mkopeshaji wa mtaani: 1,000,000, riba asilimia 10 kwa mwezi, rejesho la chini 100,000.

Jumla anadaiwa 2,100,000. Marejesho ya chini yanachukua 180,000, kwa hiyo kila mwezi ana ziada ya 120,000 ya kuielekeza anakotaka. Swali lote la makala hii ni hiyo 120,000 iende wapi.

Akifuata ushauri wa semina, itakwenda SACCOS. Mwezi wa tatu deni la SACCOS limekwisha, na siku hiyo atafurahi kweli. Baada ya hapo anahamia kwenye taasisi ndogo ya fedha, ambayo inamalizika mwezi wa saba. Sasa mtazame mkopeshaji wa mtaani katika kipindi hicho chote. Mwalimu amempelekea 100,000 kila mwezi, na 100,000 ndiyo riba kamili ya mwezi. Ukifungua daftari la mkopeshaji utaona safu ya riba ikiwa na alama ya tiki mwezi baada ya mwezi, na pembeni yake safu ya mtaji ikisomeka 1,000,000, 1,000,000, 1,000,000. Miezi sita imepita, shilingi 600,000 zimetoka mfukoni, na deni halijapungua hata senti. Linaanza kupungua mwezi wa saba tu, na mwalimu anamaliza kila kitu mwezi wa 11. Riba aliyolipa kwa wadai wote ni 982,683.

Arudi mwanzo na kuielekeza ile 120,000 kwa mkopeshaji wa mtaani. Sasa anampelekea 220,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza 100,000 ni riba, na 120,000 inakata mtaji hadi 880,000. Mwezi wa pili riba inakokotolewa juu ya 880,000, kwa hiyo ni 88,000, na mtaji unakatwa 132,000. Kila mwezi riba inapungua na sehemu inayokata mtaji inaongezeka, ingawa fedha anayotoa ni ile ile. Mwezi wa saba mkopeshaji wa mtaani ameondoka. Mwezi wa nane na wa tisa zinafagiwa taasisi na SACCOS. Amemaliza miezi miwili mapema, na riba yote aliyolipa ni 568,310.

Tofauti ni 414,373. Ilinganishe na deni la SACCOS, lile dogo ambalo kulimaliza kwanza ndiko kulikompa furaha ya mwezi wa tatu. Deni lile lilikuwa 400,000. Mwalimu amelipa, kwa ajili ya kulimaliza mapema, fedha inayozidi deni lenyewe. Wala sikuchagua riba ya kutisha. Wapo mtaani wanaotoza asilimia 20 kwa mwezi, na kwa riba hiyo milioni moja ingemeza 200,000 kati ya zile 300,000 za mwalimu kabla hajamgusa mdai mwingine.

Kwa nini basi huko ushauri ulikotoka wanasema tofauti ni ndogo? Kwa sababu kwao mara nyingi ni ndogo kweli. Kadi ya mkopo ya Marekani hutoza kama asilimia 20, lakini kwa mwaka, yaani chini ya asilimia 2 kwa mwezi, na mkopo wa gari au wa masomo uko chini ya hapo. Mtu mwenye kadi tatu za riba zinazokaribiana anaweza kuzilipa kwa mpangilio wowote na asipoteze kikubwa. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na deni la asilimia 1 na deni la asilimia 10 kwa mwezi kwa wakati mmoja, moja likiwa ghali mara kumi kuliko lingine. Kanuni ya kutoangalia riba ilitungwa mahali ambapo riba hazipishani sana. Kuileta hapa bila onyo ni kumficha msikilizaji jambo linaloamua kila kitu.

Pili: kwamba idadi ya wadai ikipungua, mzigo umepungua

Hoja hii inavutia kwa sababu kila mdai ana simu zake, ujumbe wake na tarehe zake. Anayedaiwa na watatu akibaki na wawili anahisi amepumua. Lakini tuzichukue njia zile mbili kama walimu wawili, tuwasimamishe mwishoni mwa mwezi wa saba tuwatazame. Aliyeanza na dogo amebakiwa na mdai mmoja tu. Aliyeanza na riba kubwa bado ana wawili. Kwa kipimo cha semina, wa kwanza yuko mbele.

Huyo aliye mbele anadaiwa 802,529, na yote ni ya asilimia 10. Mwenzake mwenye wadai wawili anadaiwa 551,775. Mwezi unaofuata, wa kwanza atatozwa riba ya 80,253. Wa pili, wadai wake wote wawili wakijumlishwa, atatozwa kama 12,300. Mdai aliyebaki kwa mwalimu wa kwanza ndiye yule anayeshika kadi ya benki ya mteja na namba yake ya siri, anayekwenda kwenye mashine siku ya mshahara kabla ya mwenye mshahara. Wadai walioondoka ni wale waliokuwa na ofisi, mkataba ulioandikwa na utaratibu wa kusikiliza mtu akipata matatizo. Kwa maneno mengine, mpangilio wa dogo kwanza uliwaondoa wadai wapole na kumbakiza mkali, tena akiwa na deni lake karibu lote.

Hapo ndipo ushauri huu unapojipinga wenyewe. Unadai kujali hali ya mtu kuliko namba, lakini kinachomnyima mtu usingizi si idadi ya majina kwenye karatasi. Ni yule mmoja. Kumchelewesha yule mmoja hadi mwisho, kwa miezi saba, ni kuurefusha wasiwasi ule ule unaodaiwa kutibiwa.

Tatu: kwamba mtu huhitaji ushindi wa mapema

Hii ndiyo hoja yao kubwa, nami siichukulii kirahisi. Ina hata utafiti. Mwaka 2012 David Gal na Blakeley McShane walichapisha uchunguzi wao juu ya wateja wa kampuni ya Marekani ya kupatanisha watu na wadai wao. Walikuta kwamba waliofunga sehemu kubwa zaidi ya akaunti zao za madeni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuyamaliza yote, hata ukizingatia ukubwa wa madeni. Utafiti huo unatajwa sana kama ushahidi wa deni dogo kwanza.

Soma tena ni watu gani. Walikuwa kwenye mpango wa kupatana, ambamo mteja anakusanya fedha na kampuni inamwombea mdai akubali pungufu ya anachodai. Hawakuwa wakichagua kati ya asilimia 1 na asilimia 10 kila mwisho wa mwezi. Utafiti unaonyesha kwamba kuona jambo likiisha kunaambatana na kuendelea. Hauonyeshi kwamba inafaa kulipia hisia hiyo zaidi ya 400,000.

Na kama kinachotakiwa ni ushindi unaoonekana, njia ya riba kubwa inao, tena kila mwezi, ila lazima ujue pa kuutazama. Turudi kwa mwalimu anayempelekea mkopeshaji 220,000. Riba anayotozwa mwezi wa kwanza ni 100,000. Kisha 88,000. Kisha 74,800, kisha 60,280, kisha 44,308, na mwezi wa sita ni 26,739. Kila mwezi fedha iliyokuwa ikiliwa bure inarudi kufanya kazi yake. Anayemfundisha mtu kulipa madeni angemfundisha kuandika safu hiyo moja kwenye karatasi, riba ya mwezi huu dhidi ya mwezi uliopita, asingehitaji kumnunulia ari kwa bei ya deni zima. Mwalimu anayeanza na dogo, akiandika safu hiyo hiyo kwa mkopeshaji wa mtaani, angeona 100,000 miezi sita mfululizo, na mwezi wa saba pia. Sijui mtu ambaye karatasi ya namna hiyo ingempa moyo.

Kuna jambo la kweli hapa ambalo lazima nilikubali. Mwezi wa tatu tofauti kati ya walimu hawa wawili bado ni ndogo: wa kwanza anadaiwa 1,567,969 na wa pili 1,534,381, kama 33,600 tu. Ndiyo maana ushuhuda wa semina husikika wa kweli. Anayesimama kutoa ushuhuda husimama mwezi wa tatu au wa nne, deni la kwanza likiwa limetoka kuisha. Hasara inakuja baadaye, mwezi wa sita, wa nane, wa kumi, wakati hakuna anayemwita tena mbele.

Nne: riba ipi hasa unayoilinganisha

Wanaotetea riba kubwa nao wana kosa lao, na linawapa wapinzani nafasi ya kusema njia hii ni ngumu. Wanawaambia watu wapange madeni kwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba. Asilimia hiyo peke yake haitoshi. Unachotakiwa kujua ni hiki: nikilipa shilingi ya ziada leo, itaniokolea shilingi ngapi baadaye?

Mkopo wa salio linalopungua unajibu vizuri, kama tulivyoona. Lakini iko mikopo ambayo riba inapigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho. Ukikopa 600,000 kwa miezi 12 kwa asilimia 2 ya namna hiyo, unatozwa 12,000 kila mwezi hata mwezi wa mwisho, ambapo unadaiwa 50,000 tu. Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, ile asilimia 2 ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Ni ghali kuliko inavyoonekana. Lakini hapo kuna mtego mwingine: mkopeshaji akisema riba yote inadaiwa hata ukimaliza mapema, basi kuulipa mapema hakukuokolei kitu. Ghali au si ghali, ziada yako haina kazi hapo. Mikopo mingi ya simu iko hivyo pia. Ada inakatwa mara moja mkopo unapotoka, na ukilipa siku ya tano au siku ya mwisho ni sawa. Ya kuogopa pale ni tarehe, kwa sababu ukiipitisha unatozwa tena. Deni hilo lilipwe kwa wakati wake, lisipewe ziada kabla ya hapo.

Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote, muulize kila mdai maswali mawili. Nikimaliza leo, nalipa kiasi gani? Nikileta zaidi ya rejesho, zaidi hiyo inakata mtaji? Majibu uyaandike mbele yake. Swali la pili ni la lazima kwa mkopeshaji wa mtaani, maana wapo wasiopokea kipande cha mtaji. Wanakwambia leta riba au leta mtaji wote. Wanajua wanachofanya: mtaji usiopungua ni mshahara wao wa kila mwezi.

Ukikutana na huyo, ile ziada ya 120,000 haiwezi kumpunguza kidogo kidogo, na hapo watu wengi hukata tamaa na kurudi kwenye deni dogo. Wasirudi bila kutazama mlango wa SACCOS. Mkopo wa asilimia 1 unaotosha kumlipa mkopeshaji mtaji wake wote kwa mara moja unageuza riba ya 100,000 kwa mwezi kuwa 10,000. Kama SACCOS haitoi mkopo mpya mpaka ule ulio nao uishe, basi malizia huo kwanza, haraka iwezekanavyo, kisha kopa umtoe mkopeshaji. Kwa macho ya nje utaonekana umefuata njia ya deni dogo. Sababu yako ni nyingine kabisa: umelilipa dogo ili upate fedha nafuu ya kuulia ghali, na siku SACCOS inapofunguka hukai hata wiki moja kabla ya kufanya hivyo. Lakini mkopo wa SACCOS una wadhamini, na ukishindwa kuurejesha wao ndio wanaokatwa. Asiyekuwa na uhakika wa rejesho asiwaingize watu wengine. Na anayelipia deni la kausha damu kwa mkopo wa SACCOS kisha akarudi kwa mkopeshaji yule yule mwezi unaofuata amejiongezea deni, hakujitoa.

Kanuni ya dogo kwanza haina nafasi kwa hatua hii hata kidogo. Kwake kukopa SACCOS ni kulikuza deni lililokuwa dogo, ni kurudi nyuma. Inamzuia mtu kutumia nafuu kubwa kuliko zote alizonazo, kwa sababu imemfundisha kuhesabu ukubwa wa deni na idadi ya wadai, na imemkataza kutazama riba.

Kwa hiyo mnaotoa semina, nawaomba jambo moja. Kama mtaendelea kufundisha deni dogo kwanza, wekeni sharti mbele yake: ni kwa madeni ambayo riba zake zinakaribiana, au yasiyo na riba kabisa, kama la duka la jirani na la ndugu. Nje ya hapo msiifundishe. Wanaowasikiliza wengi wana deni la kausha damu, na hawalitaji kwa sauti ukumbini kwa sababu ya aibu.

Nawe unayedaiwa, kama kuna deni la asilimia 10 kwa mwezi kwenye orodha yako na mwisho wa mwezi huu umepanga kupeleka ziada kwenye la asilimia 1, nenda kaulize yale maswali mawili kabla mshahara haujaingia, na ubadilishe mpango.